Geuza pakiti kabla hujalipa

Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano. Jumamosi moja tuliingia dukani pamoja, na tulipofika kwenye foleni nikaona alichoweka kikapuni: chupa ya mtindi, pakiti ya soseji, kipande cha jibini laini kutoka Ulaya na chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu, maana anasema usingizi wa mchana unamwangusha mezani akiwa kazini.

"Wifi, tarehe zote nimeziangalia," aliniambia. "Hakuna hata kimoja kilichopitwa."

Alikuwa amefanya lile ambalo wengi wetu tumefundishwa. Ila tarehe inajibu swali moja tu, la lini. Mjamzito ana maswali mengine mawili ambayo tarehe haiyajibu: je, chakula hiki kimepita kwenye moto, na ndani yake kuna kafeini kiasi gani? Majibu yapo upande wa nyuma wa pakiti, kwenye maandishi madogo. Tulitoka kwenye foleni, tukasogea pembeni, tukaanza na mtindi.

Lebo ya mtindi ule ilikuwa na picha ya ng'ombe, neno "asilia" na namba ya simu. Haikusema maziwa yalifanywa nini kabla ya kugandishwa. Na hilo ndilo neno tulilokuwa tunalitafuta. Maziwa ya kiwandani hupashwa moto kwa kipimo maalumu, kwa kawaida nyuzi 72 kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha hupozwa haraka. Njia hii imepewa jina la Mfaransa Louis Pasteur, kwa hiyo lebo ikiwa kwa Kiingereza, tafuta neno linaloanza na herufi za jina lake, P-A-S-T-E-U-R. Maziwa ya boksi yanayokaa muda mrefu bila friji yana herufi UHT, na hayo yamepata moto mkali zaidi. Usipoona alama yoyote kati ya hizo, chukulia kwamba maziwa ni mabichi. Maneno kama "freshi", "asilia" au "ya shambani" hayasemi lolote kuhusu moto.

Wapo wanaoamini kwamba uchachu wa mtindi wenyewe unaua vijidudu. Uchachu huvipunguza nguvu, lakini hauna uhakika wa kuvimaliza. Maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi au ngamia yanaweza kubeba brusela, ugonjwa ambao wafugaji wanaujua kama ugonjwa wa kutupa mimba kwa sababu ya unavyowafanya ng'ombe wao. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa malaria au taifodi kwanza. Mjamzito anayeupata anaweza kupoteza mimba.

Kijidudu cha pili, ambacho ndicho kinachowafanya wakunga wasisitize habari hii, kinaitwa listeria. Bakteria wengi wakiingia friji husimama au huzaliana polepole mno. Listeria huendelea kuongezeka hata kwenye nyuzi 4, ubaridi wa friji nzuri ya nyumbani. Kwa hiyo chakula kilichokaa ndani ya friji siku nyingi, kikionekana kizuri na kikinukia vizuri, kinaweza kuwa kimebeba listeria wengi kuliko siku kilipoletwa. Mama mwenyewe hupata homa ndogo, uchovu na maumivu ya mwili kama mafua, wakati mwingine hata hajui kama ameumwa. Bakteria huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na hapo mimba inaweza kutoka, mtoto kuzaliwa njiti, kufia tumboni au kuzaliwa na maambukizi makali. Dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, hata kufikia siku 70. Ni mama gani atakumbuka alichokula miezi miwili iliyopita?

Wifi alirudisha mtindi ule, akachukua mwingine wenye lebo kamili. Nyumbani ukitaka kugandisha mwenyewe, chemsha maziwa mpaka yafoke, yapoe hadi uvuguvugu, kisha utie kijiko cha mbegu. Hapo kwenye mbegu ndipo wengi wanapoteleza. Ukichota mbegu kwenye kibuyu au chupa ya mtindi wa maziwa mabichi, umerudisha vijidudu vile vile ndani ya maziwa uliyopoteza mkaa kuyachemsha. Mbegu itoke kwenye mtindi wa kiwandani wenye lebo, na chombo kioshwe kwa maji ya moto.

Jibini lilitumaliza haraka zaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataka jibini la maziwa mabichi litajwe hivyo kwenye lebo, na kwa Kiingereza neno lenyewe ni fupi, R-A-W. Lake halikuwa na neno hilo; maziwa yalikuwa yamepashwa moto. Lakini lilikuwa jibini laini lenye ganda jeupe la ukungu, na jibini la namna hiyo lina unyevu mwingi na uchachu mdogo, mazingira ambayo listeria akiingia baada ya kiwanda kumaliza kazi hustawi. Kwa hilo lebo nzuri haitoshi, mpaka lipikwe hadi lichemke. Jibini gumu la kukwangua halina shida hiyo. Akabadilisha.

Soseji ndizo zilizotufanya tubishane. "Hizi si mbichi, wifi, angalia rangi." Kweli zilikuwa na rangi ya waridi iliyokolea. Rangi hiyo huletwa na chumvi ya naitraiti inayowekwa nyamani, na hubaki hivyo nyama ikiwa imepikwa au haijapikwa. Tuliangalia maelezo ya matumizi, mstari ambao wengi huuruka: ulisema pika vizuri kabla ya kula. Basi ni mbichi, na kuzipitisha tu kwenye kikaango mpaka zipate rangi nje hakutoshi. Kata moja katikati. Iwe inafuka mvuke ndani, na maji yanayotoka yasiwe na uwekundu.

Nyama iliyopikwa kiwandani na kuliwa baridi nayo si salama moja kwa moja. Afrika Kusini ilipata somo hilo kwa uchungu mwaka 2017 na 2018. Polony, ile nyama ya kusaga iliyopikwa na kufungwa kama soseji nene, ilichafuliwa na listeria katika kiwanda kimoja huko Polokwane. Zaidi ya watu 1,000 waliugua, zaidi ya 200 walifariki, na kundi kubwa la wagonjwa lilikuwa watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wajawazito. Lebo za polony ile hazikuwa na kosa lolote la kuonekana kwa macho. Kwa hiyo mjamzito akikutana na nyama ya kwenye pakiti iliyoandikwa kwamba iko tayari kuliwa, polony, hamu, salami, aipashe mpaka ifuke mvuke kabla haijaingia kwenye mkate. Salami nyingi hazipikwi kiwandani. Hutiwa chumvi, huchachushwa na kukaushwa.

Kuna mstari mwingine mdogo wa kusoma hapo: "ukishafungua, tumia ndani ya siku" kadhaa. Tarehe kubwa iliyopigwa muhuri ni ya pakiti ambayo haijafunguliwa. Ukishaifungua, hesabu mpya imeanza, na umeme ukikatika saa nyingi hata hesabu hiyo imeharibika.

Mayonezi ya kiwandani isikutie hofu. Lebo zake nyingi zinataja kiini cha yai kilichopashwa moto kwa njia ile ile ya Pasteur. Ya kuogopa ni ile ya kusagwa kwa yai bichi na kuwekwa kwenye kopo lisilo na maandishi.

Tukabaki na chupa ya mwisho. Kafeini ni habari nyingine kabisa, kwa sababu moto hauigusi. Hapa kinachotakiwa ni hesabu. Kafeini huvuka kondo la nyuma, na mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kuivunja. Mama naye huchelewa kuitoa mwilini kadiri mimba inavyokua, hivyo kikombe cha jioni bado kimo damuni asubuhi. Ulaji mkubwa unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze. Mamlaka za afya za Uingereza na Umoja wa Ulaya zinaweka mpaka wa miligramu 200, na huo ndio niliomwambia wifi aushike.

Nyuma ya chupa palisomeka: kafeini mg 30 kwa ml 100. Macho yake yaliona 30, akatulia. Nikamwomba asome ujazo wa chupa nzima. Ilikuwa ml 400. Basi 30 mara nne ni miligramu 120, na hakuna anayekunywa robo chupa akaiacha. Nikamuuliza chai. Vikombe viwili vikubwa, asubuhi na jioni, majani yamekolea. Kikombe kikubwa cha chai hukadiriwa kuwa na miligramu 75, kwa hiyo viwili ni 150. Jumla 270, amepita mpaka kwa 70, na hatujagusa soda ya kola wala kahawa. Kahawa ya unga ya kuyeyusha ni kama miligramu 100 kwa kikombe kikubwa.

Ukisoma viungo, hesabu pia guarana: ni mbegu yenye kafeini yake yenyewe. Na ukinunua dawa ya maumivu, soma boksi, kwani baadhi ya vidonge vya kichwa vina kafeini ndani. Chupa ya wifi, kwenye mstari wa chini kabisa, ilikuwa imeandika kwamba haiwafai watoto na wajawazito. Tuliiacha rafuni. Chai aliibakiza, lakini aisogeze mbali na vidonge vyake vya madini chuma, angalau saa moja, kwa sababu majani ya chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri.

Na kama umeshakula, usikae ukijilaumu, maana wengi hula na wasipate lolote. Lakini ukipata homa wakati una mimba, hata ndogo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ukiulizwa umekula nini, taja maziwa mabichi au nyama ya pakiti bila kuona haya. Listeria na brusela zote mbili zina dawa, na daktari hawezi kuzipima asipojua kwamba aziwaze.