Mfumuko ukipungua, bei hazishuki

Ripoti ya hali ya uchumi ya Kenya ya 2025, iliyotolewa na shirika la takwimu la KNBS, ilionyesha mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 7.7 mwaka 2023 hadi 4.5 mwaka 2024. Mwandishi chipukizi huandika upesi: “Bei zashuka.” Wapi!

Kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 100 mwaka 2022 lilifika 107.70, kisha takriban 112.55. Bei ziliendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo.

Uchumi nao ulikua kwa asilimia 4.7, kutoka 5.7. Haukusinyaa.

Ajira ndizo zenye mtego: kati ya nafasi mpya 782,300, takriban asilimia 90 zilikuwa za jua kali. Na nafasi mpya hazisemi wangapi bado wanatafuta kazi.