Barua ya Kumrudisha Mpishi Jikoni

"Amepona, anaweza kuendelea na kazi." Barua nyingi za daktari ambazo wapishi hurudi nazo baada ya kuugua tumbo huishia hapo. Muhuri upo, saini ipo, lakini msimamizi wa jiko hajaambiwa mtu huyu aliugua kidudu gani, alipimwa lini, wala dawa alimaliza siku gani. Barua ya namna hiyo inathibitisha tu kwamba mgonjwa alimwona daktari.

Tuchukue shigela, bakteria wa kuhara damu. Vidudu vichache mno, hata mia moja au pungufu, vinatosha kumwangusha mtu mzima, na aliyekwisha kuacha kuhara anaweza kuendelea kuvitoa katika choo kwa siku kadhaa, au hata wiki. Akinawa vibaya kisha akakata kachumbari, wateja watavila. Ndiyo maana mwongozo wa usalama wa chakula unaotolewa na serikali ya Marekani, ambao majimbo huuchukua na kuurekebisha, haumwachii mpishi ajipime kwa kusikia nafuu. Unataka sampuli mbili mfululizo za choo zioteshwe maabara na zisionyeshe shigela. Ya kwanza isichukuliwe kabla ya saa 48 tangu kuacha antibiotiki, na ya pili ipishane na ya kwanza kwa saa 24 au zaidi. Juu ya hayo, mamlaka ya afya ya eneo hilo iridhie.

Sasa tuhesabu kwa kalenda, kwa mpishi wa kubuni. Alianza kuhara Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025. Jumanne alitoa choo, na Ijumaa tarehe 7 maabara ikajibu kwamba ni shigela. Jioni hiyo akaanza dawa ya siku 3. Tumbo lilitulia Jumamosi tarehe 8, na kidonge cha mwisho alikimeza Jumapili tarehe 9, saa 2 usiku. Saa 48 zinatimia Jumanne tarehe 11, saa 2 usiku, kwa hiyo sampuli ya kwanza ilichukuliwa Jumatano asubuhi, saa 3, na ya pili Alhamisi saa 4. Kuotesha huchukua siku mbili tatu. Majibu yote mawili yalikuwa safi, na barua ikaandikwa Jumatatu tarehe 17.

Kosa linalojirudia ni kuanza kuhesabu siku tumbo lilipotulia badala ya siku dawa ilipokwisha. Mpishi wetu angepeleka choo Jumapili akiwa bado anameza vidonge, dawa ingewazuia bakteria kuota na jibu lingekuwa safi bila yeye kuwa safi. Kosa la pili huwa njiani. Shigela ni dhaifu nje ya mwili, na choo kilichokaa kwenye kikopo tangu alfajiri hadi mchana bila kimiminika cha kuhifadhia kinaweza kufika maabara bakteria wakiwa wamekufa. Kipimo cha vinasaba nacho hupotosha kwa upande wa pili, kwa sababu hunasa hata mabaki ya bakteria waliokufa na kumzuia mtu aliyekwisha kupona.

Mwongozo huohuo una njia nyingine kwa shigela: mpishi akikaa zaidi ya siku 7 bila kuhara wala kutapika, anaweza kurudi bila vipimo hivyo viwili, mamlaka ikiridhia. Kwa mpishi wetu siku hizo zinapita Jumapili tarehe 16, siku moja kabla ya barua! Kwa maoni yangu, asiye na bima angeiulizia njia hii kwanza. Lakini asiichukue kuwa kanuni ya kila kuhara. Kwa salmonela isiyo ya taifodi, kusubiri bila vipimo huwa zaidi ya siku 30.

Kenya mhudumu wa chakula hubeba cheti cha afya cha miezi 6, na wapo wenye hoteli wanaodhani kinatosha. Cheti kilichotolewa Januari hakijui lolote kuhusu kuhara kwa Machi. Wengine huambatisha kipimo cha damu cha Widal. Hicho hutafuta kingamwili za taifodi, ambazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya kupona, na kuhusu shigela hakisemi kitu.

Barua iliyokamilika, basi, ingesomeka hivi: "Aligunduliwa kuwa na shigela tarehe 7 Machi. Dalili zilikoma tarehe 8, antibiotiki zilikwisha tarehe 9 saa 2 usiku. Choo kilichochukuliwa tarehe 12 saa 3 asubuhi na tarehe 13 saa 4 asubuhi kimeoteshwa. Shigela haikuonekana katika vyote viwili. Hana maambukizi ya shigela." Msimamizi akiipata huipigia simu idara ya afya kabla ya kumpangia zamu. Na kama sampuli ya tarehe 13 ingeotesha shigela, ile safi ya tarehe 12 isingehesabiwa: zinatakiwa mbili mfululizo, naye angeanza upya.