Jedwali la Makadirio: Namna Ukuta Unavyogeuka Kuwa Shilingi

Jedwali la makadirio ya ujenzi lina safu sita: namba ya kazi, maelezo ya kazi, kipimo, kiasi, bei ya kipimo kimoja na jumla. Katika safu hizo, ya maelezo ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko zote, nayo ndiyo inayobeba fedha nyingi. Mstari ulioandikwa "ukuta" tu hauna bei. Ukiandikwa "ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6, yaliyosimamishwa, mota ya ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 6 za mchanga", mafundi watatu tofauti wanaweza kuuwekea bei na bei hizo zikalinganishwa, kwa sababu wote wanazungumzia kitu kimoja.

Watu wengi huchanganya jedwali hili na orodha ya vifaa. Orodha ya vifaa husema mifuko mingapi ya saruji na matofali mangapi yanunuliwe, nayo humfaa mwenye nyumba anayenunua mwenyewe na kumlipa fundi ufundi tu. Jedwali la makadirio hupima kazi iliyokamilika, yaani mita za mraba za ukuta uliosimama au mita za ujazo za zege lililomwagwa, na bei yake huwa imekwisha kumeza vifaa, ufundi, vibarua na faida ya mkandarasi. Orodha hutoka ndani ya jedwali. Ni vigumu sana kwenda kinyume, kwa kuwa mifuko 60 ya saruji haisemi imekwenda kwenye jamvi au kwenye plasta.

Mfano mzuri wa kufuatilia ni nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 kwa nje, choo kikiwa nje. Paa lake ni la pande nne, kwa hiyo hakuna pembetatu za ukuta chini ya paa. Lingekuwa la pande mbili, pembetatu hizo zingepaswa kupimwa peke yake, na mara nyingi ndizo zinazosahauliwa.

Kupima huanza na urefu wa kuta. Kosa la kawaida ni kujumlisha pande nne za nje, 8 na 6 na 8 na 6, kupata mita 28. Kwa njia hiyo kila kona huhesabiwa mara mbili. Mkadiriaji hupima kwa mstari wa katikati ya ukuta, ambao kwa ukuta wa sentimita 15 unakuwa mita 7.85 kwa 5.85, na mzunguko wake ni mita 27.4. Ndani kuna ukuta mmoja unaotenga sebule na vyumba, mita 5.7, na mwingine unaotenga vyumba viwili, mita 3.55. Jumla ni mita 36.65. Namba hii moja itatumika tena na tena: kwa mtaro, kwa zege la kitako, kwa ukuta wa msingi na kwa ukuta wa juu. Ikikosewa, makosa husambaa jedwali zima.

Tofali la inchi 6 kwa kawaida lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 22.5. Likiwekewa mota, kila kozi hupanda kwa takriban sentimita 24. Nyumba hii ina kozi 9 hadi chini ya lenta na kozi 3 juu yake, yaani kozi 12, ambazo ni mita 2.88 za matofali. Lenta yenyewe ni zege na ina mstari wake. Mita 36.65 zikizidishwa kwa 2.88 hutoa mita za mraba 105.6. Milango mitatu ya mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha manne ya mita 1.5 kwa 1.2 huondoa mita za mraba karibu 13, na kinachobaki ni 93 kwa kukadiria.

Mita moja ya mraba hula matofali 9. Ukiongeza asilimia 5 ya yanayovunjika njiani na yanayokatwa kwenye kona, ukuta wote unahitaji matofali 879. Kama nafasi za milango na madirisha zisingetolewa, kungeagizwa zaidi ya matofali 100 yasiyo na kazi.

Kinachowashangaza wengi ni msingi. Huko matofali hulazwa ili ukuta uwe mnene wa sentimita 22.5, na tofali lililolazwa hufunika eneo dogo kuliko lililosimamishwa. Mita moja ya mraba sasa inahitaji matofali 13. Msingi wa kozi 6, wenye kimo cha karibu mita 1, una mita za mraba 36.3 na hula matofali 495. Zaidi ya theluthi ya matofali yote ya nyumba hii iko chini ya jamvi, mahali ambapo mgeni hataiona. Kadirio la fundi linalohesabu kuta za juu tu na kusema matofali 900 yanatosha halina uongo wa makusudi ndani yake. Limeishia tu kwenye kile kinachoonekana.

Safu ya bei ndiyo yenye siri kubwa zaidi, na hujengwa kipande kwa kipande. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Za soko hutofautiana kati ya mji na mji na hubadilika ndani ya mwezi. Tofali lichukuliwe kuwa shilingi 1,500, mfuko wa saruji wa kilo 50 shilingi 17,000, mita ya ujazo ya mchanga 30,000 na ya kokoto 70,000. Kwa mita moja ya mraba ya ukuta wa juu, matofali pamoja na yanayopotea ni shilingi 14,175. Mota inayohitajika ni ndogo, kiasi cha lita 20, nayo hula saruji ya shilingi 1,802 na mchanga wa shilingi 660. Kujenga kwa shilingi 500 kila tofali ni 4,500. Hapo jumla imefika 21,137. Maji, majukwaa na vyombo vikipewa asilimia 5, kisha faida ya mkandarasi asilimia 10, bei hufika takriban shilingi 24,400.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo la kusaidia mwenye nyumba anapotaka kupunguza gharama. Tofali lenyewe ndilo karibu theluthi mbili ya gharama halisi ya ukuta kabla ya faida. Kubishana na fundi juu ya mfuko mmoja wa saruji ya kujengea hakuokoi kitu. Kutafuta tofali zuri kwa bei nafuu, au kulifyatua palepale kwenye kiwanja, ndiko kunakosogeza namba.

Kwa njia hiyo hiyo, kazi za kuanzia mtaro hadi mwisho wa kuta huwa hivi:

| Na. | Maelezo ya kazi | Kipimo | Kiasi | Bei (Sh) | Jumla (Sh) |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Kuchimba mtaro, upana sm 60, kina sm 70 | m³ | 15.4 | 8,000 | 123,200 |
| 2 | Zege la kitako cha msingi 1:3:6, unene sm 15 | m³ | 3.3 | 211,000 | 696,300 |
| 3 | Ukuta wa msingi, matofali ya kulaza | m² | 36.3 | 36,100 | 1,310,430 |
| 4 | Kujaza moramu na kushindilia | m³ | 16 | 28,000 | 448,000 |
| 5 | Jamvi la zege 1:2:4, unene sm 10 | m³ | 4.8 | 252,000 | 1,209,600 |
| 6 | Ukuta wa matofali ya inchi 6 | m² | 93 | 24,400 | 2,269,200 |
| | Jumla ya sehemu hii | | | | 6,056,730 |

Lenta, paa, milango, madirisha, plasta, sakafu, umeme na rangi huwa na kurasa zao, na mwishoni huongezwa fungu la dharura. Fungu hilo ni la mambo yasiyoonekana mapema, kama udongo laini unaolazimisha mtaro uongezwe kina. Halikuwekwa ili kuziba mistari iliyosahauliwa.

Mstari wa 5 unastahili kutazamwa kwa makini. Mita moja ya ujazo ya zege haitengenezwi kwa mita moja ya vifaa vikavu. Mchanga huingia kwenye mianya ya kokoto, saruji ikaingia kwenye mianya ya mchanga, na mchanganyiko ukasinyaa. Kwa hiyo huhitajika takriban mita 1.54 za vifaa vikavu ili kupata moja iliyomwagwa. Kwa uwiano wa 1:2:4, hiyo ni mifuko 6.4 ya saruji, mita za ujazo 0.44 za mchanga na 0.88 za kokoto. Anayesahau kusinyaa huko hujikuta ameishiwa vifaa jamvi likiwa limefika theluthi mbili, na zege linalomaliziwa kesho yake huacha mshono.

Jamvi hili linahitaji mifuko 31. Sehemu nzima iliyo kwenye jedwali inahitaji mifuko 62, hivyo nusu ya saruji inaishia kwenye jamvi peke yake. Moramu isiposhindiliwa ikasawazishwa, unene wa jamvi huongezeka bila mtu kuamua. Sentimita 2 tu za ziada humeza karibu mita moja ya ujazo ya zege, na mifuko 6 ya saruji. Wa kugundua hilo ni yule anayevuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta kabla ya kumwaga na kupima kina sehemu kadhaa. Baada ya hapo kinachobaki ni lawama ya wizi wa saruji, ambayo pengine haina mwizi.

Jedwali huzungumza kwa mita za ujazo ilhali mchanga huuzwa kwa lori. Kinachofaa ni kupima bodi la lori: urefu, upana, na kimo ambacho mchanga umefikia kweli, si kimo cha ubao. Mchanga wenye unyevu nao huvimba, na unaweza kuongezeka kwa robo ya ujazo wake, ingawa ukikauka hurudi ulivyokuwa. Lori lililojaa baada ya mvua huleta mchanga pungufu kwa bei ileile.

Nchini Tanzania kazi hii ina taaluma yake, ya wakadiriaji majenzi, wanaosajiliwa na bodi moja na wabunifu majengo. Nyumba ndogo mara nyingi hujengwa bila wao. Hata hivyo jedwali lililoandaliwa vizuri hubaki na kazi wakati wa kulipa. Fundi anapodai malipo ya ukuta, mita za mraba zilizosimama hupimwa kwa futi kamba, milango na madirisha yakatolewa, kisha zikazidishwa kwa bei ya mstari wa 6. Akiwa amejenga mita 40, anadai shilingi 976,000. Mwenye nyumba akiagiza dirisha liongezwe au chumba kirefushwe, kazi hiyo hupimwa peke yake na kuandikwa mstari mpya kwa bei zilezile, kabla tofali la kwanza halijawekwa.