Saa Moja Baina ya Maghribi na Isha: Kazi Zipi za Nyumbani Zinamfaa Mtoto Wetu?

Huku Murusagamba, wilayani Ngara, jua huchelewa kuzama. Kwa kuwa tuko magharibi kabisa mwa nchi na saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, adhana ya Maghribi hutufikia takriban nusu saa baada ya ndugu zetu wa pwani, karibu na saa moja ya usiku. Kutoka hapo hadi Isha hubakia muda unaozidi saa moja kidogo. Kwa mtoto aliyekwenda shule asubuhi, akarudi mchana kuteka maji na kutafuta kuni, kisha akahudhuria madrasa alasiri, muda huo ndio pekee uliobaki wa kufungua daftari kabla usingizi haujamshinda.

Tumeamua kuizungumzia saa hiyo kwa sababu kila mwaka, mitihani ya darasa la nne, la saba na kidato cha pili inapokaribia, wapo wazazi wanaowaondoa watoto wao madrasa ili wapate muda mrefu zaidi wa kazi za shule. Mzazi anayefanya hivyo hana nia mbaya. Anaamini kwamba kazi nyingi huleta ufaulu mwingi. Basi tuiangalie imani hiyo kwa ushahidi uliopo.

Mtafiti aliyelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu ni Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti zilizofanywa nchini humo kati ya 1987 na 2003. Kwa wanafunzi wa sekondari walikuta kwamba wanaofanya kazi za nyumbani kwa kawaida hufaulu zaidi. Kwa watoto wa shule za msingi, uhusiano baina ya muda uliotumika na ufaulu ulikuwa dhaifu mno, karibu na kutokuwapo.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Uhusiano si sababu. Mtoto mdogo anayetumia muda mrefu kwenye daftari mara nyingi ndiye asiyeelewa somo, na ndiyo maana anachelewa kumaliza. Kwa hiyo takwimu za namna hiyo haziwezi kutuambia kwamba kazi ya nyumbani haina faida kwa wadogo. Tena katika mapitio hayo hayo zilikuwamo tafiti chache zilizogawa madarasa, baadhi yakapewa kazi na mengine yakaachwa. Na hapo hata watoto wa msingi waliopewa kazi walifanya vizuri zaidi katika jaribio la mada ile ile waliyoizoeza. Tunachojifunza ni kwamba kazi fupi inayohusu jambo mtoto alilofundishwa humsaidia, lakini kumrundikia saa nyingi hakumsaidii.

Kuhusu kiasi, Cooper anakubaliana na kanuni nyepesi: dakika 10 kwa kila darasa, masomo yote yakijumlishwa. Mtoto wa darasa la tatu hupata dakika 30, wa darasa la tano 50, wa darasa la saba 70. Kwa wanafunzi wakubwa wa sekondari, faida iliongezeka hadi baina ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu kwa usiku, kisha ikasimama. Kanuni hii ilitokana na mazingira ya Marekani, wala si sheria. Hata hivyo inatupa kipimo: kwa mtoto wa msingi, saa ile baina ya Maghribi na Isha inatosha au inakaribia kutosha. Darasa la Qur'ani la alasiri haliigusi.

Suala kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni aina ya kazi inayoijaza saa hiyo. Kazi za nyumbani zina makusudi mbalimbali. Iko ya kuzoeza kilichofundishwa leo, iko ya kukumbusha kilichofundishwa zamani, iko ya kumtayarisha mtoto kwa somo la kesho. Na iko isiyo na kusudi lolote isipokuwa kuonekana imetolewa, kama vile kunakili kurasa tatu za kitabu. Mtoto anayenakili mkono wake unafanya kazi na akili yake imelala. Mzazi anaweza kuitambua kazi ya namna hiyo kwa kumwambia mtoto afunge daftari na aeleze alichoandika. Akishindwa kusema hata sentensi mbili, nusu saa yake imepotea.

Watu wa madrasa wana uzoefu mkubwa katika jambo hili kuliko wanavyojidhania. Ustadhi hamwambii mwanafunzi aisome sura mara hamsini huku macho yakiwa kwenye msahafu. Humwambia aufunge, asome kwa moyo, na pale anapokwama humrekebisha. Kesho humsikiliza tena, na baada ya wiki humrudisha kwenye sura za nyuma. Hiyo ndiyo muraja'a, nayo ina mambo mawili ndani yake: kuvuta kumbukumbu bila kutazama, na kurudia baada ya kupita muda.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hilo hilo kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma maandishi mafupi kisha likayasoma tena. Kundi la pili liliyasoma mara moja, kisha likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, na waliojipima walikuwa na 56. Hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Usiku ule ule, mtoto aliyekariri kwa kusoma huonekana hodari. Udhaifu wake huonekana mtihani unapofika.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tano anayejifunza kujumlisha sehemu. Kazi iliyozoeleka ni maswali ishirini ya aina moja. Swali la kwanza ni nusu kujumlisha theluthi, naye anajumlisha juu na juu, chini na chini, anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Hakuna wa kumwambia kwamba amekosea, basi anaendelea hivyo hivyo hadi swali la ishirini. Asubuhi anakwenda shule akiwa ameizoeza makosa yake mara ishirini, na kuyaondoa sasa ni kazi ngumu kuliko kama asingefanya chochote.

Kazi bora ingekuwa na maswali sita tu: matatu ya leo, mawili ya wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita, yote yakiwa yamechanganywa ili mtoto alazimike kujiuliza kila swali linataka njia gani. Na ingekuwa na agizo moja la nyongeza: kabla ya kukokotoa, kadiria jibu. Hapo hata mama asiyewahi kuingia darasani anaweza kusaidia. Amuulize mwanawe: ukiwa na nusu ya mkungu wa ndizi, nikakuongezea theluthi ya mkungu mwingine ulio sawa na huo, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? Mtoto atasema zaidi. Basi 2/5, ambayo ni pungufu ya nusu, haiwezi kuwa jibu sahihi. Akirudi kwenye daftari atagawa vizuri: nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, jumla ni 5/6.

Kwa watoto wadogo zaidi kazi ya kwanza ni kusoma. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 ulikuta kwamba hapa Tanzania takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto ambaye bado hajui kusoma hawezi kufaidika na maswali ya sayansi ya kufanyia nyumbani. Dakika kumi na tano za kusoma kwa sauti mbele ya mtu mzima au kaka aliye darasa la mbele, kisha asimulie alichosoma, hata kwa Kishubi au Kihangaza, zina thamani kuliko kurasa za kunakili.

Kwa kidato cha kwanza tatizo hubadilika, kwa kuwa lugha ya kufundishia hugeuka ghafla kuwa Kiingereza. Kijana huyu hukariri sentensi asizozielewa. Kazi inayomfaa ni kufunga daftari, kuandika kwa Kiswahili yale aliyoyaelewa, kulifungua na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, kisha kuchagua maneno matano ya Kiingereza ya mada hiyo na kuyatungia sentensi zake mwenyewe. Arudie hivyo baada ya siku tatu na baada ya wiki.

Limebaki suala la usahihishaji. Kazi isiyotazamwa na mwalimu humfundisha mtoto kwamba haina maana, na zaidi ya hayo huyaacha makosa mahali pake. Lakini tuwe waadilifu kwa walimu. Darasa la watoto 80, kila daftari likichukua dakika mbili, ni dakika 160 kwa somo moja. Hilo haliwezekani kila siku. Maswali sita badala ya ishirini huwezesha darasa kubadilishana madaftari na kusahihisha pamoja kwa dakika kumi mwanzoni mwa kipindi, huku mwalimu akikusanya machache kwa zamu ili aone kosa gani limeenea. Kamati ya shule inaweza kulizungumza hili na walimu bila lawama.

Na mzazi afanye nini? Cooper na wenzake walitazama pia ushiriki wa wazazi, mwaka 2008. Kilichoambatana zaidi na mafanikio kilikuwa kuweka utaratibu: saa maalumu, mahali maalumu, na kazi kumalizwa. Katika hisabati, msaada wa wazazi uliambatana hata na matokeo duni, ingawa hapo pia huenda wanaosaidiwa zaidi ndio waliokwisha kuachwa nyuma. Kwa hiyo hatuhitaji kugeuka walimu. Tunahitaji kumpunguzia binti yetu ndoo ya jioni ili asije akafungua daftari akiwa amechoka kuliko kaka yake, kumwekea taa mahali pamoja, kuzima redio, na baada ya swala ya Maghribi kumwambia: funga daftari, nieleze.

Isha ikiadhiniwa, daftari lifungwe, tusali, mtoto alale. Na kesho alasiri aende madrasa kama kawaida.

Wabillahi tawfiq.