Yai Hutangulia Damu

"Nesi, nitashikaje mimba na mimi siku zangu sijaziona tangu nijifungue?"

Swali hili naulizwa kila wiki katika kliniki ya mama na mtoto, na si mara moja wala mbili nimekuta anayeliuliza ameshashika mimba tayari. Kwa miaka mingi nimelijibu kwa upole, mmoja mmoja, mtoto akiwa kwenye mizani. Safari hii nalijibu kwa ukali kidogo, kwa kuwa imani iliyo nyuma yake nimechoka kuiona ikiwaumiza watu.

Ni hivi. Yai hutangulia, damu hufuata. Mwanamke hupata hedhi kwa sababu wiki mbili hivi nyuma yai lilitoka, halikukutana na mbegu ya kiume, na utando uliokuwa umetandikwa ndani ya mji wa mimba kulisubiri ukabomoka. Hedhi ni taarifa ya jambo lililokwisha kupita. Kwa hiyo mama aliyejifungua, mayai yake yanapoamka, yai la kwanza laweza kutoka akiwa hajaona hata tone. Wapo ambao hedhi yao ya kwanza huja bila yai kutangulia, hasa wanaonyonyesha sana, lakini hakuna mwanamke ajuaye kwamba yeye ndiye wa kundi hilo. Anayesema "nikiona tu siku zangu nitakuja kuchoma sindano" ni kama abiria anayengoja kusikia honi ya basi likiwa limeshatoka stendi.

Nimchukue mmoja, muuza chakula sokoni, umri wake miaka 26. Alikuja kumpima uzito mtoto wake wa miezi minane. Alilalamika kwamba tumbo limejaa gesi na jioni linachezacheza. Nilimlaza kitandani nikaweka mkono: mji wa mimba ulikuwa umefika usawa wa kitovu. Kwa wakunga hiyo ni mimba ya wiki 20 au karibu yake. Akanikatalia. "Mama, mimi nanyonyesha. Na damu sijaona."

Tukahesabu pamoja. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia wiki mbili kabla ya kutungwa, kwa hiyo mimba ya wiki 20 ilitungwa wiki 18 zilizopita. Mtoto wa miezi minane ana wiki 35 hivi. Toa 18, unabaki na 17. Mimba ilitungwa mtoto akiwa na miezi minne. Nikamuuliza, mtoto akiwa na miezi minne wewe ulikuwa wapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa amerudi sokoni mwezi mmoja kabla. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akarudi saa tisa alasiri. Mtoto alibaki na bibi yake, akinywa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe. Usiku alinyonya, naye akaamini hiyo yatosha.

Haikutosha, na sababu yake ni rahisi kueleza. Kinachozuia mayai ni mdomo wa mtoto. Kila anapovuta chuchu, taarifa hupanda hadi kwenye ubongo wa mama, na ubongo ukapunguza ile amri inayoviamsha vifuko vya mayai. Taarifa hiyo haidumu. Mtoto asiponyonya kwa saa nyingi mfululizo, amri hurudi polepole, na mwili huanza kuandaa yai. Titi kujaa maziwa hakuzuii chochote. Mtoto kunyonya mara kwa mara ndiko kunakozuia. Hata mama anayekamua maziwa akayaacha nyumbani, jambo jema kabisa kwa afya ya mtoto, hapati kinga sawa na ya anayenyonyesha mwenyewe.

Wataalamu walikutana Bellagio, Italia, mwaka 1988, wakakubaliana lini mtu anaweza kutegemea kunyonyesha kama njia ya uzazi wa mpango. Masharti ni matatu na hayagawanyiki. Mtoto awe hajatimiza miezi sita. Mama awe hajaona hedhi, ukiacha damu ya uzazi ya wiki nane za mwanzo. Na mtoto awe anaishi kwa titi tu, mchana na usiku, asikae zaidi ya saa nne mchana wala saa sita usiku bila kunyonya. Si maji, si uji, wala si dawa ya mchango ya bibi. Dawa aliyoandikiwa hospitalini haiharibu kitu. Kikombe cha uji kinaharibu. Yakitimia yote matatu, watakaoshika mimba katika miezi hiyo sita hawafiki wawili kati ya mia. Likivunjika moja, kinga imekwisha siku hiyohiyo, hata kama mama ataendelea kunyonyesha mpaka mtoto aote meno yote.

Sasa linganisha masharti hayo na maisha yetu. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Hizo ni wiki 12. Muuza chakula wangu hana hata hizo. Wengi wanarudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, na siku ileile ya kwanza kazini sharti la tatu limevunjika. Hapo ndipo kinga nyingine inapohitajika. Wao wanangoja damu.

Na wanaonyimwa kinga hiyo wakati mwingine tunawanyima sisi wenyewe. Hili naliandika kwa uchungu. Mama anakuja kliniki mtoto ana miezi mitano, anaomba njia, na mtoa huduma anamwambia, "Rudi ukiwa kwenye siku zako, nijue huna mimba." Damu yenyewe hana! Atarudi lini? Atarudi akiwa na tumbo. Dawa ya tatizo hili tunayo tangu zamani: maswali sita ya kuthibitisha kwamba mwanamke hana mimba, ambayo yalijaribiwa katika kliniki za Kenya na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999. Je, umejifungua ndani ya wiki nne zilizopita? Unanyonyesha titi tu, mtoto hajatimiza miezi sita, na hedhi hujaiona? Hujakutana na mwanamume tangu ujifungue au tangu hedhi yako ya mwisho? Hedhi ilianza ndani ya siku saba zilizopita? Mimba imeharibika ndani ya siku saba zilizopita? Umekuwa ukitumia njia ya kuaminika bila kukosea? Akijibu ndiyo kwa swali moja tu, na hana dalili za mimba, apewe njia yake leo. Akijibu hapana kwa yote, kuna kipimo cha mkojo, nacho huaminika wiki tatu baada ya tendo. Asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Apewe hata kondomu za kumvusha hadi siku ya kipimo.

Lipo na swali la pili: nikiwa kwenye siku zangu naweza kushika mimba? Ndiyo, ingawa si kwa urahisi, na hesabu ni ileile. Yai huishi kwa siku moja tu, au pungufu. Mbegu ya kiume huweza kuishi hadi siku tano ikiwa ndani ya mwanamke. Mwenye mzunguko mfupi wa siku 22 yai lake hutoka karibu siku ya nane. Akikutana na mwenzi wake siku ya tano, damu ikiwa inamalizikia, mbegu zitakuwa zinalisubiri yai likitoka. Tena si kila damu ni hedhi. Wapo wanaotokwa na matone yai linapotoka, na wapo wanaotokwa na damu mimba ikiwa imeshatungwa, nao huihesabu damu hiyo kama mwezi wao.

La tatu ni kwa walioacha homoni. Waliotumia vidonge, au waliotolewa vijiti au kitanzi, wasitarajie muda wowote wa kupumzika: yai laweza kutoka ndani ya wiki chache, kabla ya hedhi ya kwanza. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewesha. Kwa wastani, wanaotafuta mtoto hushika mimba miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho. Lakini huo ni wastani. Wapo ambao mayai yao hurudi mara tu baada ya wiki ya 13 kupita, damu ikiwa bado haijaonekana. Hapo katikati ndipo wauza dawa za "kusafisha kizazi" na "kurudisha siku" wanapowanasa wanawake. Sindano haiachi uchafu. Dawa yake huisha mwilini yenyewe. Na mwanamke asiyeona siku zake miezi minne baada ya sindano anaweza kuwa ana mimba changa, naye anapewa mizizi ya kunywa isiyojulikana ina nini. Apime mkojo kwanza, kila mara.

Haya, njia. Mama anayenyonyesha anaweza kuwekewa vijiti au kitanzi kabla hajatoka wodini. Kitanzi ndani ya saa 48, la sivyo angoje wiki ya nne. Vidonge vya kichocheo kimoja anaweza kuanza mapema vilevile. Sindano, kuanzia wiki ya sita. Vidonge vya vichocheo viwili aviache mpaka mtoto atimize miezi sita. Kondomu siku yoyote. Asiyenyonyesha kabisa aanze kinga wiki ya tatu baada ya kujifungua, kwa sababu yai lake laweza kutoka wiki ya nne. Sindano ikichelewa, mwahi mtoa huduma: hadi wiki nne baada ya tarehe yako bado unaweza kuchomwa bila kipimo. Tendo likishatokea bila kinga, P2 imezwe mapema iwezekanavyo, vizuri zaidi ndani ya siku tatu. Haidhuru maziwa ya mtoto.

Yule muuza chakula alijifungua salama. Siku ya pili aliwekewa vijiti palepale wodini, damu ya uzazi ikiwa bado inatoka. Nawe kama unasoma haya ukiwa na mtoto aliyeonjeshwa uji, na damu hujaiona, usiingoje. Nenda kliniki wiki hii.