Mmegombana na ndugu yako kuhusu shamba? Anza na barua

Wazazi wakishafariki, shamba lililowalea watoto ndilo mara nyingi linalowatenganisha. Ndugu wanaacha kusalimiana, binamu wanakatazwa kutembeleana, na likizo ikifika watoto wanauliza kwa nini hawaendi tena kijijini. Wengi hujaribu kupatana kwa simu, na dakika ya tatu sauti zinapanda upya.

Barua ina faida ambayo simu haina. Anayeiandika anaweza kufuta neno kabla halijafika, na anayeipokea anaweza kuisoma usiku, akanuna, kisha akaisoma tena asubuhi. Lakini itafanya kazi ikiwa ina ombi moja tu: tukae tuzungumze. Haigawi shamba, wala haithibitishi nani alikosea. Hayo yana mahali pake.

Tuchukue mfano wa ndugu watatu wenye shamba la ekari 6 huko Muheza, mkoani Tanga. Kaka mkubwa amebaki kijijini miaka 9 akilitunza, na amepanda michungwa kwenye ekari 2. Dada yake anaishi Dodoma na mdogo wao yuko Dar es Salaam. Baada ya arobaini ya mama yao, dada aliona vigingi vipya shambani na kusikia kuwa kuna mnunuzi amekuja kutazama. Mbele ya wageni alimwita kaka yake mwizi. Kaka naye akamjibu kuwa mwanamke akishaolewa hana chake pale. Miezi minne sasa hawajaongea.

Ukisikiliza ugomvi huo vizuri, una maswali matatu yaliyochanganywa. La kwanza, shamba hili ni la nani sasa? La pili, jasho la aliyelitunza litahesabiwaje? La tatu, ligawanywe, liuzwe au libaki pamoja? Kaka anapigania la pili, dada anapigania la kwanza, na kila mmoja anadhani mwenzake anataka kumnyang'anya. Barua nzuri inayatenganisha. Dada huyo angeweza kuandika hivi:

"Shikamoo kaka,

Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima.

Nakuandikia kwa sababu ya yale yaliyotokea siku ya arobaini ya mama. Maneno ya siku ile yaliniumiza, na najua yalikuumiza na wewe. Sitaki tuyarudie hapa.

Najua kwa miaka 9 wewe ndiye uliyelipalilia shamba, na michungwa ile ni kazi ya mikono yako. Hilo sibishani nalo. Mimi nina wasiwasi kuhusu vigingi na habari za mnunuzi, na ningependa kusikia kutoka kwako mwenyewe kuliko kwa watu.

Naomba tukae sisi watatu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 4 asubuhi, nyumbani kwa mjomba. Yeye atuongoze tu, asituamulie. Tuzungumze mambo mawili: gharama na kazi uliyoweka shambani, na nani tumpendekeze awe msimamizi wa mirathi. Suala la kugawana tuliache kwa kikao kingine.

Hadi tutakapokutana, naomba pasiuzwe kitu wala pasiongezwe kigingi. Wewe endelea kuvuna kama kawaida. Kukutana huku kusichukuliwe kuwa mmoja wetu ameacha haki yake.

Kama siku au mahali hapakufai, pendekeza pengine. Nitashukuru nikipata jibu lako ndani ya wiki mbili.

Mdogo wako."

Angalia kilichofanyika. Salamu imebaki ya mdogo kwa mkubwa, kwa sababu ugomvi haukuufuta udugu. Kazi ya kaka imetajwa kwa jina lake, yaani miaka, palizi na michungwa, wala si kwa sifa za jumla ambazo angeziona ni unafiki. Wasiwasi wa dada nao umesemwa waziwazi. Barua inayoficha tatizo kuu humfanya msomaji aulize: huyu anataka nini hasa?

Ombi la kusimamisha uuzaji ndilo lenye uzito zaidi, na limewekwa pamoja na jambo linalomfaa kaka: aendelee kuvuna. Ukimwambia mtu asiguse shamba linalosomesha watoto wake, umemtangazia vita. Na ile sentensi kuhusu kuacha haki inawalinda wote wawili, maana barua huhifadhiwa, na siku moja inaweza kuletwa mbele ya baraza.

Kwa nini kikao cha kwanza kimepewa suala la msimamizi? Kwa sababu mwenye shamba akifariki, kuwa mkubwa au kuishi shambani hakumpi mtoto mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mamlaka hayo ni ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na familia nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo zikiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo kinachompendekeza. Msimamizi huyo si mrithi mkuu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili.

Kabla ya kutuma, isome barua yako kwa sauti. Kata kila sentensi inayoanza na "wewe siku zote" au "wewe hujawahi". Ondoa vitisho vya wakili na polisi, na usimtaje mke au mume wa ndugu yako kama chanzo cha ugomvi. Kisha mpelekee mwenyewe, au mtume mtu mnayemwamini wote. Usiiweke kwenye kundi la familia la simu, kwa maana huko atajibu ili wengine wamwone.

Jibu linaweza kuja likiwa kali. Likiwa kali lakini linabishania siku, mahali au mwongozaji, huo ni mlango ulio wazi nusu. Kubali mabadiliko na ushikilie mambo mawili mliyopanga kuzungumza. Wiki mbili zikipita kimya, mwombe mjomba akaulize kwa upole kama barua ilifika. Akisema haji kabisa, Baraza la Ardhi la Kijiji linaweza kuwasuluhisha. Lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha, halimlazimishi mtu. Likishindikana hapo kuna baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 nalo linasuluhisha tu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mgogoro unaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuna wakati barua haitoshi. Ukiona mnunuzi ameanza kulipa, au kuna mtu ameshika panga, usisubiri wiki mbili. Kwa mauzo, toa taarifa mara moja ofisi ya kijiji na kwa mahakama inayoshughulikia mirathi. Kwa panga, nenda polisi.

Kikao kikifanyika, msitoke bila karatasi. Andikeni tarehe, waliohudhuria, mliyokubaliana na siku ya kikao kijacho, wote mtie sahihi, na kila mmoja aondoke na nakala yake. Hata kama mlichokubaliana ni kimoja tu, kwamba hakuna atakayeuza kabla ya msimamizi kuteuliwa, hicho kinatosha kwa siku ya kwanza.