Programu Sahihi Inayoshindwa na Saa

Kila anayejifunza kutatua mafumbo ya programu kwenye mifumo ya mashindano, kama vile Codeforces, hukutana mapema na maneno haya kwenye skrini: `Time limit exceeded`. Maana yake ni kwamba muda umekwisha kabla programu haijamaliza. Mfumo hausemi kwamba jibu ni baya. Unasema tu kwamba programu ilipewa, tuseme, sekunde 2, na zilipokwisha ilikuwa bado inafanya kazi, basi ikasimamishwa.

Mwanafunzi huanza kutilia shaka hesabu zake. Anapekua mantiki yote, anabadilisha mbinu, anatuma tena, na skrini inarudia maneno yaleyale. Mara nyingi hesabu hazina kosa lolote. Kinachokula muda ni mstari mmoja mfupi wa mwisho, ule wa kukusanya majibu ili yachapishwe, na kwa kuwa unaonekana hauna madhara, hakuna anayeutazama.

Tuchukue kazi nyepesi kabisa ili mstari huo uonekane peke yake. Tunapewa namba `n`, na tunatakiwa kuchapisha namba zote kuanzia `n` kurudi hadi 1, zikitenganishwa na nafasi. Katika lugha ya Java wengi wataandika hivi:

```java
String s = "";
for (int i = n; i >= 1; i--) {
    s += i + " ";
}
System.out.println(s);
```

Ukiisoma, unaona kwamba kila mzunguko unaongeza namba moja mwishoni mwa `s`. Kompyuta haifanyi hivyo. Katika Java, stringi, yaani mfuatano wa herufi, ikishaundwa haibadiliki kamwe. Huwezi kuiongezea hata nukta. Kwa hiyo alama `+=` hapa haina njia nyingine ila kutenga sehemu mpya ya kumbukumbu inayotosha maneno ya zamani na ya sasa, kunakili humo kila herufi iliyokwisha kuandikwa, kuweka namba mpya mwishoni, kisha kuiacha stringi ya zamani iwe taka. Mzunguko unaofuata unaanza upya kwa kunakili yote tena, pamoja na kile kilichoongezwa sasa hivi. Ni sawa na karani ambaye kila akitaka kuongeza jina moja kwenye orodha, huchukua karatasi mpya na kuandika upya majina yote yaliyotangulia.

Hasara yake inahesabika. `n` ikiwa 1,000, stringi ya mwisho ina herufi 3,893, na jumla ya herufi zilizoandikwa njiani ni takribani milioni 2. Kwa kompyuta ya leo hicho si kitu. Programu inamaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Sasa tuiweke `n` kuwa 200,000, kiasi cha kawaida sana katika mafumbo ya mashindano. Stringi ya mwisho ina herufi 1,288,895, ambazo hazifiki hata megabaiti moja na nusu. Lakini kuifikia, programu imeandika na kuandika upya herufi karibu bilioni 135. Tuseme kompyuta inanakili baiti bilioni 10 kwa sekunde, na kila herufi ni baiti moja, kama Java ya kuanzia toleo la 9 inavyohifadhi herufi hizi za kawaida. Bado tutasubiri zaidi ya sekunde 13, na tumepewa 2. Juu ya hapo kuna kazi ya kuzoa taka: stringi zile 200,000 zilizotupwa njiani haziwezi kukaa zote kwenye kumbukumbu, kwa hiyo Java inalazimika kusafisha mara kwa mara huku saa ikienda.

Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini kosa hili hujificha. Mifano inayotolewa pamoja na fumbo huwa midogo, labda `n` ni 5 au 10, na mwanafunzi anayejipima nyumbani mara chache huandika zaidi ya mia. Kote huko programu hupita bila shida. Majaribio makubwa yamewekwa kwenye mfumo wenyewe, naye hayaoni mpaka yamwangushe.

Kuna njia nyepesi ya kulitambua mapema, nami naiamini kuliko kukodolea macho msimbo. Endesha programu kwa `n` ya 50,000, kisha 100,000, kisha 200,000, na upime muda kila mara. Kama kazi inakua kwa mstari ulionyooka, kuongeza `n` maradufu kutaongeza muda maradufu. Kama unanakili yote kila mzunguko, kuongeza `n` maradufu kutauongeza muda takribani mara nne. Usianze na namba ndogo mno, maana Java hutumia muda kidogo kujiwasha, na muda huo hufunika tofauti unayoitafuta. Ukiona mara nne, futa mstari wa `s +=` na uache hesabu nyingine zote zilivyo, kisha pima tena. Muda ukiporomoka, umempata mwizi.

Dawa yake ni bafa: nafasi ya kumbukumbu iliyo wazi, inayoruhusu kuongezwa herufi mwishoni bila kugusa zilizotangulia. Java inayo tayari kwa jina la `StringBuilder`, iliyokuja na toleo la 5 mwaka 2004.

```java
StringBuilder sb = new StringBuilder();
for (int i = n; i >= 1; i--) {
    sb.append(i).append(' ');
}
System.out.println(sb);
```

Msimbo umerefuka kwa herufi chache tu. Mtu makini atauliza: bafa nayo si itajaa? Itajaa, na inapojaa hutenga nafasi kubwa zaidi na kunakili yote, kama vile `+=` ilivyokuwa ikifanya. Siri iko kwenye kiasi inachoongeza. `StringBuilder` huanza na nafasi ya herufi 16. Ikijaa, nafasi mpya huwa mara mbili ya ile ya zamani na mbili zaidi: 34, kisha 70, kisha 142, na kuendelea. Kwa kuwa kila hatua ni maradufu, hatua zenyewe ni chache. Kwa kazi yetu ya namba 200,000, bafa inahama mara 17 tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukijumlisha herufi zilizonakiliwa katika kuhama huko, zilizoandikwa mara ya kwanza, na nakala moja ya mwisho inayotengenezwa wakati wa kuchapisha, hupati hata milioni 5. Linganisha na bilioni 135. Ukijua mapema urefu wa mwisho unaweza kuutaja, `new StringBuilder(1300000)`, na bafa haitahama hata mara moja, lakini faida yake ni ndogo. Kazi kubwa imekwisha kufanywa na kule kuongeza maradufu.

Lipo dai linalopita kwa wanafunzi, kwamba hakuna haja ya kujisumbua kwa sababu kompaila yenyewe hugeuza `+` kuwa `StringBuilder`. Dai hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Kompaila ya Java 8 na zilizotangulia iliigeuza kweli, lakini iliweka bafa mpya ndani ya kila mzunguko: inaiunda, inamwagia humo `s` yote, inaongeza namba, inatoa stringi mpya, kisha inaitupa bafa. Kunakili kulibaki palepale, na pengine kuliongezeka. Kuanzia Java 9, mwaka 2017, mbinu ya ndani ilibadilishwa ikawa nyepesi zaidi, ila stringi bado haibadiliki, kwa hiyo kila mzunguko bado unazaa stringi mpya nzima. Alama `+` ni salama kabisa kwenye mstari mmoja unaounganisha vipande vitatu au vinne, na sioni sababu ya kuuchafua msimbo kwa bafa hapo. Hatari ni `+=` ndani ya mzunguko, kwenye stringi inayozidi kurefuka.

Bafa pia inaweza kutumiwa vibaya. Kosa ninaloliona zaidi ni `sb.insert(0, x)`, yaani kuongeza mwanzoni badala ya mwishoni. Ili kupata nafasi mbele, herufi zote zilizomo lazima zisogezwe nyuma, na kila mzunguko unarudia usogezaji huo. Tumerudi kwenye mabilioni yaleyale, safari hii tukiwa na `StringBuilder` mkononi na imani kwamba tumeshajitibu. Kama ni herufi moja moja, ziongeze mwishoni kisha uite `sb.reverse()` mara moja, baada ya mzunguko kwisha. Kama ni namba, usifanye hivyo, maana `reverse` hugeuza herufi na si namba: 12 itatoka 21. Hapo zihifadhi namba kwenye safu, kisha uisome safu kutoka mwisho. Vivyo hivyo kuita `sb.toString()` ndani ya mzunguko, labda ili kuangalia herufi ya mwisho: kila wito unanakili yote. Herufi moja inapatikana kwa `sb.charAt(sb.length() - 1)` bila kunakili chochote.

Wanaotumia Python wana mtego wao, nao ni wa hila zaidi. Stringi za Python hazibadiliki vilevile, lakini CPython, Python ile ambayo wengi huipakua, ina ujanja uliowekwa tangu toleo la 2.4: kama hakuna jina lingine linaloishika stringi hiyo, mara nyingi huirefusha palepale bila kunakili. Kwa hiyo `s += x` huenda ikakimbia vizuri kwenye kompyuta yako. Halafu unatuma kazi mashindanoni na kuchagua PyPy, kwa sababu mizunguko yake ni ya haraka zaidi, na PyPy haina ujanja huo. Programu ileile iliyomaliza upesi nyumbani inakatwa huko. Nidhamu inayofaa kotekote ni kuweka vipande kwenye orodha na kuviunganisha mara moja mwishoni:

```python
parts = []
for i in range(n, 0, -1):
    parts.append(str(i))
print(" ".join(parts))
```

Orodha ya Python nayo hukua kwa kuacha nafasi ya ziada kila inapohama, kisha `join` hupima urefu wote kwanza na kunakili kila kipande mara moja.

Kwa C++ hali ni tofauti, kwa kuwa `std::string` yenyewe inabadilika na inafanya kazi ya bafa. Hapo `s += x` ni njia nzuri. Lakini ukiandika `s = s + x`, ambayo kwa macho ni kitu kilekile, unaomba stringi mpya iundwe kwa kunakili `s` nzima kwanza, ndipo irudishwe kwenye jina lilelile.